Majahazi Saba ya Shirazi: Jinsi Ushahidi Mpya Unavyoipindua Historia



Ukisema mbele ya watu kwamba historia inapaswa kudurusiwa, hadhira hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoichukulia kuwa kazi ya kawaida ya msomi. Wapo pia wanaonusa hila, kwamba utawala umebadilika, basi na yaliyopita yageuzwe yafuate upepo. Hawa wa pili hawana wasiwasi wa bure, maana hila hiyo imefanyika mara nyingi. Kwa hiyo kazi yangu leo ni kuonyesha kudurusu historia kunafanywaje kwa haki, na msomaji asiye mtaalamu atajuaje kwamba anachopewa si hila.

Kudurusu historia ni kuirudia habari iliyokwisha kukubalika na kuiandika upya, kwa sababu umepatikana ushahidi ambao habari ile haiwezi kuubeba. Ushahidi huo waweza kuwa mpya kabisa, kama sarafu zilizofukuliwa ardhini. Waweza pia kuwa wa siku nyingi, uliosomwa sasa kwa njia ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Lililo muhimu ni kwamba mabadiliko yanaanzia kwenye ushahidi, halafu masimulizi yanaufuata.

Nimechagua kisa kimoja: habari ya Washirazi na kuanzishwa kwa Kilwa na miji mingine ya pwani yetu. Nimekichagua kwa sababu katika muda wa miaka sitini hivi kimepinduliwa zaidi ya mara moja, na kila mara kiliangukia upande ambao baadhi ya wasomi hawakuutarajia.

Habari tuliyorithi

Wengi wenu mmeisikia habari hii tangu utotoni. Sultani mmoja wa Shirazi, katika nchi ya Uajemi, aliota ndoto ya panya mwenye pua ya chuma akiutafuna ukuta wa mji. Akajua kwamba nchi yake itaangamia. Akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Anzwani, na kadhalika. Aliyeshukia Kilwa ni Ali bin Hassan. Alimkuta huko mtawala wa bara asiye Mwislamu, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mtawala yule alipobadili nia na kurudi kwa vita, alikuta mkondo wa maji umekwisha chimbwa na hakuna njia ya kuvuka kwa miguu.

Habari hii imetufikia katika matoleo mbalimbali. Moja liko katika kitabu cha Mreno Joao de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, baada ya Wareno kuiteka Kilwa mwaka 1505. Jingine ni la Kiarabu, lililotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambalo nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877 na sasa imehifadhiwa London. Lipo pia simulizi la Kiswahili la wenyeji wa Kilwa. Matoleo haya yanapishana. Kwa Barros, Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, ndiyo maana akahama. Panya mwenye pua ya chuma hayumo katika habari ya Barros. Wasomi wa baadaye walichukua orodha ya masultani na miaka ya kila mmoja kutawala, wakahesabu kurudi nyuma, wakafika katikati ya karne ya 10. Mwaka uliozoeleka vitabuni ni 957.

Wakati wa ukoloni masimulizi haya yalipewa kazi nyingine. Waandishi wa Kiingereza, akina Reginald Coupland katika kitabu chake cha mwaka 1938, waliyaona magofu ya mawe, mihirabu iliyochongwa na vigae vya Uajemi na China. Wakahitimisha kwamba miji hii ilijengwa na wageni na kuendeshwa na wageni, na kwamba Mwafrika aliingia humo kama mtumwa au mchuuzi wa pembe. Hiyo ndiyo habari iliyoingia katika vitabu vya shule na kukaa huko kwa muda mrefu.

Naomba mtazame jambo moja kabla hatujaingia ardhini. Toleo la Kiarabu lenyewe halisemi kwamba Kilwa ilikuwa tupu. Linasema kwamba Washirazi walipofika, walimkuta kisiwani Mwislamu pamoja na jamaa zake, na pia msikiti. Naye mtawala wa bara ndiye aliyekuwa na kisiwa cha kuuza. Kwa hiyo habari ya kwamba Washirazi waliuanzisha mji mahali pasipokuwa na kitu haikutoka kwa mwandishi wa Kilwa. Ilitoka kwa wasomaji wake wa baadaye, walioyaruka maneno yasiyowafaa. Jambo la kwanza kwa anayedurusu ni kurudi kwenye chanzo chenyewe, kwa sababu mara nyingi kinachopinduliwa si chanzo bali ni mazoea ya kukisoma vibaya.

Sarafu zisizo na tarehe

Mapinduzi ya kwanza yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa na nia ya kuwatetea Waafrika wala kuwashusha Waajemi. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960. Katika matabaka ya chini kabisa, ya karibu karne ya 9, alikuta kijiji cha nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, taka za uhunzi wa chuma na mabaki ya samaki. Mawe yalikuja baadaye sana. Hilo peke yake lilithibitisha kwamba watu walikuwa wakiishi pale kabla ya mwanamfalme yeyote.

Halafu kulikuwa na sarafu. Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba, ndogo, na nyingi zina jina la Ali bin al-Hasan. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinaingiana kwa vina. Mtu aliyezoea mashairi ya pwani akizishika atajisikia nyumbani. Lakini zina kasoro moja kubwa kwa mwanahistoria: hazina tarehe. Ili kujua ni za lini, Chittick ilimbidi atazame zilikutwa katika tabaka gani, na tabaka hilo lilikuwa na vigae gani kutoka nje. Vigae vya Uajemi na China vinajulikana vilitengenezwa lini huko kwao, kwa hiyo vinaweza kuipa tarehe ardhi vilimolala. Kwa njia hiyo alifika kwenye mwaka 1200 hivi.

Hesabu hiyo ilileta mtikisiko. Kama Ali bin Hassan wa masimulizi ndiye Ali bin al-Hasan wa sarafu, basi tarehe ya mwaka 957 ilikuwa imekosea kwa zaidi ya karne mbili. Chittick akapendekeza kwamba Washirazi hawa hawakutoka Uajemi moja kwa moja. Walikuwa watu wa pwani ya kaskazini, upande wa Banadiri, walioteremka kusini wakiwa wamekwisha kukaa Afrika kwa vizazi. Maoni hayo yalikubalika kwa kiasi kikubwa, nayo yalistahili, kwa sababu yalisimama juu ya ardhi iliyochimbwa, tofauti na yale ya zamani yaliyosimama juu ya orodha ya majina.

Lakini ardhi haikuwa imemaliza kusema. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya elfu mbili za fedha, ndogo mno, pamoja na dinari chache za dhahabu. Katika zile za fedha limo jina la Ali bin al-Hasan. Nazo dinari, ambazo ni za nje, zina tarehe, na ya karibuni kabisa ni ya mwaka 1066.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Hazina ni mali iliyofichwa kwa pamoja, siku moja. Haiwezi kuwa ilifichwa kabla ya kutengenezwa kwa sarafu yake ya mwisho, kwa hiyo hii ilifichwa mwaka 1066 au baada yake. Na kwa kuwa hakuna dinari hata moja ya miaka ya baadaye, yaelekea haikukawia sana kufichwa. Sarafu za Ali zilikuwemo, basi Ali alikuwa amekwisha kutawala, na kutoa sarafu, katika karne ya 11. Hesabu ya Chittick ya mwaka 1200 ikaporomoka, na tarehe ya sultani ikarudi nyuma kwa zaidi ya karne moja, ikaikaribia ile ya masimulizi ya zamani.

Wapo wanaoliona jambo hili kama aibu kwa Chittick. Mimi silioni hivyo. Alitumia ushahidi aliokuwa nao, akaeleza njia aliyoifuata hatua kwa hatua, ndiyo maana waliokuja nyuma yake waliweza kuona mahali hasa ilipoteleza: katika kuyapa matabaka tarehe. Lakini pia tusiifanye hazina ya Mtambwe kuwa neno la mwisho. Dhahabu ni mali inayotunzwa, na dinari ya mwaka 1066 yaweza kukaa sandukuni miaka mingi kabla ya kuzikwa. Tena Ali na Hassan ni majina ya kawaida, na fedha ya Pemba si shaba ya Kilwa. Wataalamu wengi wanakubali kwamba ni mtu yule yule, nami nakubaliana nao, lakini huo ni uamuzi wa kupima uwezekano. Haukuandikwa juu ya sarafu.

Chini ya msikiti wa Shanga

Tarehe ya sultani mmoja ni jambo dogo ukilinganisha na swali kubwa zaidi: nani aliijenga miji hii? Mapinduzi ya pili yalitoka Shanga, gofu lililoko kisiwani Pate, ambalo Mark Horton alilichimba kuanzia mwaka 1980. Kabla yake Chittick alikuwa amechimba Manda, karibu na hapo. Alipoona wingi wa vyombo vya Uajemi vya karne ya 9 na 10 na kuta kubwa za mawe, aliamini kwamba mji ule ulianzishwa na wahamiaji kutoka Ghuba.

Huko Shanga wachimbaji walishuka chini ya sakafu ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe hawakukuta udongo mtupu, walikuta msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini yake mwingine tena. Ya chini kabisa ilikuwa ya miti. Mti huoza, haubaki. Kinachobaki ni shimo la nguzo: duara la udongo mweusi na laini ndani ya udongo mwingine mgumu wenye rangi tofauti. Mchimbaji huukwangua uso wa ardhi kwa mwiko, pole pole, hadi maduara yale yajipange na kuonyesha ramani ya jengo ambalo halipo tena. Jengo la kwanza kabisa lilikuwa la karne ya 8, lenye nafasi ya watu makumi mawili au matatu tu kusali. Likajengwa upya, likapanuliwa, likajengwa upya tena, mahali pale pale, hadi karibu na mwanzo wa karne ya 10 ndipo yalipotumika mawe ya matumbawe.

Kilichowashtua watu ni mfuatano wenyewe. Hakuna tabaka linaloonyesha kwamba watu wa zamani wameondoka na wapya wameingia. Vyungu vya jikoni, ambavyo ndivyo vingi kupita kiasi katika vigae vyote vilivyookotwa, ni vya aina moja kuanzia tabaka la chini kwenda juu, na vinafanana na vyungu vilivyofukuliwa bara, nyuma ya pwani. Vigae vya Uajemi vipo tangu mwanzo, lakini ni vichache katika kila mia. Kama wageni wangekuja na wake zao na kuanzisha koloni, tungetegemea mafiga yao yawe na vyungu vyao. Nyumba nazo zilipita hatua kwa hatua kutoka miti na udongo hadi mawe, kama wafanyavyo watu wanaotajirika pale pale walipo. Uislamu uliingia kijijini mapema, ukaanza na watu wachache, ukakua pamoja na kijiji.

Ushahidi wa aina nyingine ulikuwa ukielekea huko huko. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika mifupa yake, ndugu wa karibu wa lugha za Mijikenda na Kipokomo, na kwamba maneno mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye alionyesha, kwa kuchimba pwani ya Tanzania, jinsi vyungu kama vile vya Shanga vilivyoenea kwa wakulima na wahunzi wa pwani na bara. Kufikia miaka ya 1990 habari ya ukoloni ilikuwa imekwisha. Miji ni ya Waafrika waliofanya biashara na bahari, wakasilimu na kujenga kwa mawe.

Lakini katika furaha ya kuiangusha habari mbaya, baadhi yetu tulivuka mpaka wa ushahidi. Ardhi ya Shanga ilisema kwamba mji haukuanzishwa na wageni. Haikusema kwamba wageni hawakuja. Ikawa desturi vyuoni kusema kwamba asili ya Kishirazi ni uzushi mtupu, kwamba koo za pwani zilijipachika Uajemi ili zionekane bora kuliko majirani zao. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu sote tuliujua uzito wa jina la Shirazi katika siasa: chama cha Afro-Shirazi kiliundwa Unguja mwaka 1957, na wakati wa ukoloni mtu kuandikwa kabila hili au lile kulikuwa na faida na hasara zake. Hata hivyo, jina kuwa na faida katika karne ya 20 si ushahidi kwamba lilibuniwa katika karne ya 11 au ya 16.

Mifupa inaposema

Mapinduzi ya tatu yalitangazwa Machi 2023 katika jarida la kisayansi la Nature. Kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Chapurukha Kusimba aliyechimba Mtwapa, na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones waliochimba Songo Mnara, lilisoma vinasaba vya watu wapatao 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walitoka katika makaburi ya miji ya pwani: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wengine walitoka Makwasinyi, bara.

Vinasaba vya mtu hutoka kwa wazazi wote wawili, lakini vipo viwili vinavyofuata njia moja tu. Kimoja hupita kwa mama peke yake, kutoka kwa mama hadi kwa watoto wake. Kingine hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Katika mifupa ya pwani, njia ya mama ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Njia ya baba, kwa wengi wa wanaume, ilikuwa ya Asia ya Kusini Magharibi. Ukijumlisha vinasaba vyote, wengi walikuwa na zaidi ya nusu kutoka Afrika, na sehemu kubwa iliyobaki kutoka Asia; kwa baadhi yao sehemu ya Asia ilipita hata nusu. Na sehemu hiyo ya Asia, kwa watu wa mwanzo, kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha India. Ni baada ya mwaka 1500 ndipo damu ya Uarabuni ilipozidi kuongezeka.

Na lini walianza kuchanganyika? Mtu mwenye mzazi mmoja Mwajemi na mwingine Mwafrika hurithi vipande virefu visivyokatika vya kila upande. Katika kila kizazi kinachofuata vipande hivyo hukatwa na kuchanganywa, vikawa vifupi zaidi. Kwa kupima urefu wa vipande, watafiti wanaweza kukadiria vizazi vingapi vimepita. Jibu lililopatikana ni kwamba mchanganyiko ulikuwa umeanza kufikia karibu mwaka 1000.

Weka sasa matokeo haya yote mezani pamoja. Masimulizi yalisema katikati ya karne ya 10, sarafu za Mtambwe zinasema karne ya 11, vinasaba vinasema karibu mwaka 1000, na wanaume wenyewe wanaelekea kuwa ni wa Uajemi. Wazee waliosimulia habari ya Washirazi, waliodhaniwa na wasomi kuwa watunga hadithi za kujikweza, walikuwa wamehifadhi kumbukumbu ya kweli kwa karne nyingi. Hata hivyo habari ya Coupland haikufufuka. Shanga ilikuwa na msikiti miaka mia mbili na zaidi kabla ya mchanganyiko huo, na Kilwa ilikuwa na wahunzi na wavuvi wake. Wageni walioa katika miji iliyokwisha kuwepo. Wake zao walikuwa wenyeji, na watoto wakakulia upande wa mama, wakazungumza Kiswahili na kulia vyakula katika vyungu vya kwao. Ndiyo maana vyungu na lugha havikubadilika, ijapokuwa nasaba ya baba ilibadilika.

Kwa hiyo wachimbaji wa Shanga hawakukosea kuhusu vyungu, na wazee hawakukosea kuhusu babu zao. Kila upande uliona sehemu yake, kosa likawa kuikuza sehemu ikawa jambo zima.

Utafiti huu nao una mipaka yake, na asiyeitaja mipaka hiyo anauza kitu kingine. Makaburi yaliyochimbwa ni ya waliozikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya heshima. Ni watu wenye hadhi mjini. Mvuvi, mkulima wa shamba la nyuma ya mji na mtumwa hawakuzikwa hapo. Pia mifupa ya zamani kabisa ni ya mwaka 1250 hivi, kwa hiyo mwaka 1000 ni makadirio ya kurudi nyuma kwa hesabu, wala si mtu wa mwaka 1000 aliyefukuliwa. Na nasaba haisemi mtu alijiita nani. Mwenye baba wa Kiajemi na mama wa pwani alikuwa mtu wa Kilwa, sawasawa na jirani yake.

Kudurusu na kukanusha

Sasa narudi kwa wale wenye wasiwasi niliowataja mwanzo. Kuna kazi nyingine inayojiita kudurusu, nayo ni kukanusha. Mfano mzuri uko Zimbabwe Kuu. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba magofu yale akasema kwamba ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha hilo kwa uchimbaji makini zaidi. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuwasukuma wataalamu wake waache mlango wazi kwa Wafoinike na Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia Peter Garlake aliona afadhali aondoke nchini mwaka 1970. Hakuna kigae kipya kilichokuwa kimeokotwa. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kusema.

Hapo unaziona tofauti za kupimia. Kwanza, anayedurusu anakuonyesha kitu: hazina ya Mtambwe, mashimo ya nguzo ya Shanga, mfupa wa Mtwapa. Mwenye mashaka anaweza kwenda kukipima tena. Anayekanusha hukuonyesha zaidi nia mbaya ya wapinzani wake.

Pili, habari mpya lazima ieleze yote ambayo habari ya zamani iliyaeleza, kisha iongeze. Kusema kwamba Washirazi ni uzushi kuliyaacha bila maelezo masimulizi ya miji mingi iliyo mbali na mbali, yote yakitaja Shirazi. Udhaifu huo ulionekana hata kabla ya vinasaba, na aliyekuwa makini angeweza kuuliza: kama ni uzushi, mbona uzushi mmoja? Habari ya leo inaeleza vyungu, lugha, sarafu, makaburi na masimulizi kwa pamoja. Tena inaeleza kwa nini masimulizi yalikuza upande wa baba: mwandishi wa toleo la Kiarabu aliandikia ukoo wa watawala, baada ya Wareno kuuvuruga mji, na alichotakiwa kuthibitisha ni haki ya ukoo huo, wala si historia ya wafinyanzi.

Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi, udurusu wa haki humuudhi hata mwenyewe. Ushahidi wa Shanga uliwaudhi waliopenda wageni, na ushahidi wa vinasaba ukawaudhi waliowakataa. Mwanahistoria ambaye kila uvumbuzi unamkuta akiwa sahihi tangu zamani, na kila hati inasema alichotaka kusikia, huyo wa kutiliwa shaka.

Kinachoweza kuipindua habari ya leo

Nimalizie kwa kuieleza habari ninayoiamini leo kwa namna ambayo mtu ataweza kuipinga. Ninasema kwamba miji ya pwani ilianzishwa na Waafrika, na kwamba wanaume wa Uajemi waliingia kwa ndoa katika koo za juu karibu mwaka 1000.

Ikifukuliwa mifupa ya karne ya 8 au ya 9 katika mji wa mwanzo kama Unguja Ukuu, nayo ikawa na nasaba ya Uajemi upande wa baba, itabidi tarehe ya mchanganyiko irudi nyuma na swali la waanzilishi lifunguliwe upya. Yakichimbwa makaburi ya watu wa kawaida nje ya misikiti, yakakutwa na nasaba ile ile ya mchanganyiko, basi haukuwa mchanganyiko wa koo za juu peke yake, na nitalazimika kulifuta neno hilo. Ikipatikana hazina nyingine yenye sarafu za Ali pamoja na dinari za miaka ya 1200, Chittick atarudi kwenye mjadala na wengi wetu tutanyamaza tusikilize.

Kila moja ya mambo hayo linaweza kutokea katika uchimbaji wa msimu ujao. Mtu akiwaletea historia mpya, muulizeni aorodheshe vitu vyake kama nilivyoorodhesha vyangu. Akiwa hana hata kimoja kinachoweza kumtoa katika msimamo wake, hajadurusu chochote, hata akiwa na kitabu kizito mkononi.